Kwa nini nyumba za kijiji cha Krismasi zina tundu mgongoni?

"Nimeona kijiji kidogo cha Krismasi kimepangwa mezani, nyumba zake za kadibodi na theluji yake pamba. Kwa nini kila nyumba ina tundu la duara kwa nyuma?"

Ni la kupitishia balbu. Nyumba za namna hii zilienea Marekani miaka ya 1920 na 1930, na nyingi zilitengenezwa Japani kwa kadibodi nyepesi. Watu walikuwa na nyaya za taa za mti wa Krismasi, kwa hiyo tundu likakatwa liingie balbu ya waya ule ule. Kila nyumba unaichomekea balbu yake, na waya mmoja unawasha mtaa mzima. Madirisha yalizibwa kwa selofani ya rangi, na mwanga ukipita pale unadhani mwenye nyumba yumo ndani. Desturi ya kupanga mandhari ya Krismasi ni ya zamani zaidi. Wakristo Wamoravia, walioanzisha mji wa Bethlehemu huko Pensilvania, Marekani, mwaka 1741, waliita mandhari hizo "putz", kutoka neno la Kijerumani la kupamba.

Balbu za zamani zilipata joto, na hapo ndipo pamba inapotia hofu. Nyuzi zake ni nyembamba na katikati yake kuna hewa tele, hivyo ikishika moto, moto hutambaa juu yake upesi sana. Leo tumia taa ndogo za LED za betri, ambazo hupoa kabisa ukizilinganisha na zile. Hata hivyo pamba isigusane na balbu, na mshumaa usikaribie meza hiyo hata kidogo.

Ukitaka kujijengea, anza na nyumba yenye upana wa sentimita 10. Kata madirisha kwanza, kadibodi ikiwa bado bapa, kwa sababu ukishakunja kuta kisu hakipati pa kuegemea. Kwa ndani bandika karatasi ya kuokea nyuma ya kila dirisha. Bila karatasi hiyo utaona balbu yenyewe kama nukta kali. Ikiwepo, mwanga hutawanyika na dirisha zima huwa na rangi ya dhahabu. Mgongoni toboa tundu la sentimita 2.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuta zinazong'aa zenyewe, maana kadibodi nyembamba hupitisha mwanga. Dawa yake ni kupaka rangi nyeusi upande wa ndani kabla ya kugundisha karatasi ya madirisha. Kisha zima taa za chumba, uwashe ya nyumba, utazame pembe na ukingo wa paa. Ukiona mstari mwembamba wa mwanga, uzibe kwa ndani kwa kipande cha karatasi nyeusi.

Pamba huja mwisho, nyaya zikishalala mezani nyuma ya nyumba. Ichambue kwa vidole iwe nyepesi, uifunike juu ya waya, na uache kila tundu wazi.