"Kiziwi" si tusi, na "changamoto ya kusikia" si heshima

Nimerudishiwa tena tafsiri yenye mstari mwekundu chini ya neno "viziwi". Pembeni mhariri wa mteja ameandika kwamba hiyo ni lugha ya kudhalilisha, kwa sababu maneno ya KI-VI ni ya vitu, na kwamba niweke "watu wenye changamoto ya kusikia". Maoni haya nimeyapata kutoka kwa wateja wengi, karibu kwa maneno yale yale, na wote wana nia njema. Ndiyo maana yananiumiza. Mtu anayetukana makusudi unaweza kumkemea, lakini huyu anaharibu matini akiamini anailinda.

Nianze na ngeli, maana hoja yote imejengwa hapo. Ni kweli KI-VI imebeba vitu na udogishaji, na ni kweli maneno mengi ya ulemavu yamekaa humo: kipofu, kiwete, kilema, kibiongo, kibogoyo. Anayehisi kuna jambo hajakosea kabisa. Lakini kiongozi naye yumo humo, na kijana, na kinyozi, na hakuna aliyewahi kunitaka nimwite waziri "mtu mwenye uongozi" ili kumlindia utu wake. Tazama upatanisho. Tunasema "kipofu amefika" na "viziwi wamekubaliana", kwa a- na wa-, kama tunavyosema "mwalimu amefika". Utu umeshikwa hapo. Anayetaka kumshusha mtu husema "kipofu kimefika", na hata "kijana kimefika", na kila msikilizaji analisikia tusi mara moja. Kwa hiyo ukiona ki- mwanzoni mwa nomino usikimbilie kalamu nyekundu. Angalia kwanza kitenzi na kivumishi kinachofuata. Nimeshapokea tafsiri zilizoandika "walemavu" kwa uangalifu mkubwa, kisha mistari miwili mbele zikasema "hivi vinahitaji msaada", na hakuna mhariri aliyeshtuka.

Neno "mlemavu" lenyewe lilishika nafasi ya "kilema", likihama kutoka KI-VI kwenda M-WA. Kama ngeli ndiyo ingekuwa tatizo, tungekuwa tumemaliza. Hatukumaliza. Watu wenyewe wakaendelea kusema kwamba "mlemavu" linamfanya mtu awe ulemavu wake na si kingine, tukafika kwenye "mtu mwenye ulemavu". Hatua hizo unaziona hata kwenye majina ya vyama vya Tanzania: CHAWATA ni Chama cha Walemavu, SHIVYAWATA ni Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, na sheria ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kama hujui uandike nini kwa jumla, andika hivyo, na hutamkosea mtu.

Tatizo ni kwamba viziwi hawakwenda njia hiyo. Chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wamelichagua wao. Kwa viziwi wengi, hapa na kwingineko, uziwi ni kuwa na lugha yenu, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania (Wakenya wanasema lugha ya ishara), pamoja na shule mlizosoma pamoja, utani wenu na majina ya alama mliyopeana. Ukimwambia mtu huyo kwamba ana "changamoto ya kusikia" unamwambia kwamba kitu muhimu kumhusu ni sikio lisilofanya kazi. Shirikisho la Viziwi Duniani lilishaamua mwaka 1991 kwamba watu wake waitwe viziwi na wenye usikivu hafifu, na si kwa jina linalotaja kasoro. Neno wanalolikataa ni "bubu", na hilo mhariri wangu alikuwa ameliacha bila mstari katika ukurasa wa tatu. Bubu ni uongo. Kiziwi ana sauti na ana lugha. Asichokuwa nacho ni msikilizaji anayeijua.

Sasa nionyeshe madhara, kwa sababu suala hili huzungumzwa kama adabu tu. Matini ilikuwa kijitabu cha walimu wa shule ya msingi. Asili yake ilitenganisha makundi mawili. Mtoto mwenye usikivu hafifu aketi mbele, mbali na dirisha la barabarani, na mwalimu aongee akimtazama. Mtoto kiziwi aketi mahali anapoona vizuri mikono ya mkalimani na nyuso za wenzake, ambapo mara nyingi ni pembeni ya darasa na si mbele kabisa. Mhariri aliyafunga makundi yote mawili kwenye "wanafunzi wenye changamoto ya kusikia", na kwa kuwa sasa ni kundi moja, maelekezo nayo yakawa moja: waketishwe mbele ili wamsikie mwalimu. Msome mwalimu wa kijijini anayekishika kijitabu hicho. Atamtoa mtoto kiziwi pembeni alikokuwa anamwona mkalimani, amweke mbele akiwapa wenzake mgongo, na atakuwa ametii maandishi. Neno la upole limemnyima mtoto somo.

Huwa namuuliza mteja swali moja: matini hii inamtaka msomaji afanye nini, na kwa nani? Kama jibu linatofautiana kati ya kiziwi na mwenye usikivu hafifu, au kati ya asiyeona na mwenye uoni hafifu, basi jina linalowafunika wote ni kosa la tafsiri, liwe la heshima kiasi gani. Watu wenyewe wameshalifikiria hili kuliko sisi. Wale wasioona na wasiosikia kwa pamoja hujiita "viziwi wasioona". Maneno mawili yanamaliza kazi.

Mfano unaonikera zaidi ni "mlemavu wa ngozi". Ulienea kwenye vyombo vya habari vya Tanzania katika miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, wakati waandishi walipotaka kuliepuka "zeruzeru", na kuliepuka kulikuwa sahihi. Zeruzeru liachwe, sina mjadala hapo. Lakini ualbino ni upungufu wa melanini, na melanini haihitajiki kwenye ngozi tu. Inahitajika pia jicho linapokua. Karibu kila mtu mwenye ualbino ana uoni hafifu, mboni zake huenda zikachezacheza bila yeye kutaka, na mwanga mkali humuumiza macho. Miwani humsaidia kiasi, lakini mara nyingi haimrudishii uoni wote. Mwalimu aliyeambiwa kwamba fulani ni "mlemavu wa ngozi" atahakikisha mtoto ana kofia, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, na hayo ni mambo ya kuokoa maisha, kwa sababu saratani ya ngozi inaua. Kisha atamwacha nyuma ya darasa, amwone hanakili kitu ubaoni, na aandike kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa. Mtoto alihitaji kukaa karibu na ubao, ruhusa ya kuusogelea, na maandishi makubwa. Jina lilimficha mwalimu nusu ya hali. "Mtu mwenye ualbino" halifichi kitu na halitukani, na vyama vyao vinalitumia. Liandike.

Kuna na "wenye mahitaji maalumu". Shuleni lina kazi yake, kwa sababu huko linahusu aina ya elimu. Nje ya shule huwa linamwaga haki za watu njiani. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Haki hizi zimefungwa kwenye neno "ulemavu". Kipeperushi kikiandika "mahitaji maalumu", mama mjane mwenye watoto sita anajiona humo, na kijana anayetumia kiti cha magurudumu hajui kama ni yeye anayesemwa. Afisa dirishani naye anapata nafasi ya kuamua anavyotaka. Katika maandishi ya haki, tumia neno lililo kwenye sheria hata kama sikio lako linalitaka laini zaidi.

Majina ya makabila yana kanuni hiyo hiyo na nayapita haraka: jina ulilozoea huenda ulipewa na jirani. Wamang'ati ni jina walilobandikwa Wadatoga na Wamasai, na maana yake ni maadui. Andika Wadatoga, au Wabarbaig kama ndio hasa wanaosemwa, na ukihofia msomaji hatawatambua, eleza mara moja mwanzoni kisha endelea.

Kiwete, nakubali, nimeliacha. Si kwa sababu ya ki- bali kwa sababu mtaani limekuwa la kutupiana, na sijakutana na kundi la watu wenye ulemavu wa viungo wanaolidai. Wakilidai kesho kama viziwi walivyolidai lao, nitalirudisha.

Ninapokwama kweli ni kwenye akili. Taahira, zezeta na punguani hayafai popote, hilo halina ugumu. "Ulemavu wa akili" ndilo neno rasmi kwa mtu ambaye uwezo wake wa kujifunza na kuelewa ulikua taratibu tangu utotoni. Lakini wasomaji wengi wakilisoma wanaelewa kichaa, yaani ugonjwa unaoweza kumpata mtu mzima na akatibiwa akapona. Kwa hiyo wazazi wengi wanalikwepa na kusema mtoto ana "mtindio wa ubongo", na hapo tunaingia shimo jingine, kwa sababu mtindio wa ubongo ni hali ya mwili kushindwa kuongoza misuli, na wengi walio nayo wana akili kamili. Mtoto mwenye mtindio anahitaji mazoezi ya viungo mapema. Akichanganywa na mwenzake mwenye ulemavu wa akili, mmoja anakosa mazoezi na mwingine anadhaniwa hawezi kutembea. Nimejaribu "ulemavu wa kujifunza", likaonekana linamhusu mtoto anayepata shida ya kusoma tu. Sina neno moja ninaloweza kulitetea mbele ya wazazi, madaktari na wanasheria kwa wakati mmoja. Ninachofanya ni kuandika "ulemavu wa akili", kisha mara ya kwanza linapotokea naongeza sentensi nzima inayoeleza kwamba si ugonjwa wa akili na si mtindio wa ubongo. Wahariri huifuta sentensi hiyo kwa kuwa haimo kwenye matini ya asili. Huwa nairudisha, na safari hii pia nimeirudisha pamoja na "viziwi".