Kuhamisha mshahara kwenda benki mpya: tunachohakiki kabla ya kulipa

Ombi la kubadilisha akaunti ya mshahara likifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachotazama ni njia lililopitia. Namba ya akaunti baadaye. Tapeli anayewinda mshahara wa mtu hana haja ya kuingia benki. Anaandika ujumbe wa WhatsApp au barua pepe kwa jina la mfanyakazi, na picha yake juu: simu yangu imeharibika, nimehamia benki nyengine, mshahara wa mwezi huu niwekeeni huku. Ndiyo maana afisi yetu, inayolipa wafanyakazi wa hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, haibadilishi akaunti kwa ujumbe. Tunataka fomu iliyosainiwa, nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari, na barua ya benki yenye muhuri inayoonyesha majina kamili, namba ya akaunti na tawi.

Hata vyote vikikamilika, nampigia simu mwenyewe. Napiga namba iliyomo kwenye faili lake tangu alipoajiriwa, si ile iliyoandikwa kwenye ombi, kwa sababu kama ombi ni la kughushi, simu hiyo ataipokea aliyelighushi. Wala simsomei namba ya akaunti ili aniitikie "ndiyo". Yeye ndiye anayesoma kutoka kwenye karatasi ya benki, mimi nafuata kwenye fomu kwa kidole.

Hivyo ndivyo tulivyomnusuru mhudumu wa vyumba mmoja wa Kiwengwa. Fomu yake ilikuwa halali, saini yake, kila kitu chake. Aliponisomea, tarakimu nne za mwisho zikawa 4637, na kwenye fomu ziliandikwa 4367.

"Nisomee tena mwanangu, taratibu."

"Nne, sita, tatu, saba, bi mkubwa."

Alikuwa ameinakili kwa mkono akiwa kazini. Barua ya benki nayo ilisema 4637, tukamjazisha fomu mpya. Kama tungelipa kwa ile ya mwanzo, yangetokea mawili. Akaunti ya 4367 isingekuwapo, fedha zingerudi kwa mwajiri baada ya siku kadhaa, naye angechelewa kulipwa. Hilo ndilo jepesi. La pili ni akaunti kuwapo na kuwa ya mtu mwengine. Benki inaweza kuingiza fedha kwa kufuata namba hata jina lisipolingana, na zikishaingia haiwezi kuzitoa kirahisi bila ridhaa ya mwenye akaunti. Huyo akishazitumia, mnaanza safari ndefu ya barua na polisi.

Watu huniuliza kwa nini nisitosheke na jina linalotokea kwenye simu ukitaka kumtumia mtu fedha. Nalitazama, na linasaidia. Lakini kwetu Fatma Ali Juma wako wengi, na wawili wanaweza kuwa wateja wa benki moja. Jina lisipolingana, nasimamisha. Likilingana, bado nahitaji barua na simu.

Likishapita hilo, namuuliza kuhusu mkopo. Aliyekopa kwa dhamana ya mshahara, mara nyingi mwajiri wake ameisainia benki kwamba mshahara utaendelea kupita hapo mpaka deni liishe. Huyo simhamishi mpaka alete barua ya benki ya zamani inayosema hadaiwi, au inayoridhia ahame. Wengine hukasirika hapa, na nawaelewa, lakini saini ya mwajiri iko benki.

Kwenye kompyuta kuna mtego mmoja. Namba inayoanza na sifuri ukiiandika kwenye Excel kama namba ya kawaida, sifuri ya mbele inapotea. Safu ya akaunti iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Kisha ninaweka akaunti za mwezi uliopita safu ya B, za mwezi huu safu ya C, na kulinganisha:

```
=EXACT(B2,C2)
```

Kila panapotokea FALSE lazima pawe na fomu yake. Mimi ndiye ninayeingiza mabadiliko, na muhasibu mwengine ndiye anayeidhinisha akiwa na fomu hizo mkononi. FALSE isiyo na fomu hailipwi.

Ombi likifika baada ya tarehe 15, mwezi huo mshahara unakwenda akaunti ya zamani. Kwa hiyo namwambia mfanyakazi asiifunge mpaka mshahara wa kwanza uingie kwenye mpya. Siku ya malipo nampigia tena, namba ile ile ya faili, aangalie salio lake. Akisema bado, naangalia kwanza kama fedha zimerudi kwenye akaunti ya mwajiri. Kama hazikurudi, naiandikia benki siku hiyo hiyo, nikitaja tarehe, kiasi na namba ya muamala, ili wazifuatilie kabla hazijatolewa.