Kwa nini ndoo 50 za mchanga hugeuka 63 mlimani?

"Fundi aliniambia mita moja ya ujazo ya mchanga ni ndoo 50. Mbona vijana walionipandishia mlimani Igogo, Mwanza, wamehesabu 63?"

Fundi hakukosea, na vijana huenda hawakukuibia. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ukigawa kwa ndoo ya lita 20 unapata 50, lakini ndoo hizo lazima ziwe zimejaa hadi ukingoni na kusawazishwa kwa ubao. Mlimani hakuna anayebeba hivyo.

Sababu ni uzito. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1.6, kwa hiyo ndoo iliyojaa ina kama kilo 32. Hizo ukae nazo kichwani, juu ya kata, huku unapanda ngazi za mawe kati ya nyumba na nyumba. Mbebaji anayejua kazi huacha vidole vichache chini ya ukingo, na ndoo inabaki na kama lita 16, yaani kilo 26 hivi. Sasa gawa 1,000 kwa 16: unapata 62 na nusu. Hiyo nusu nayo ni tripu, maana lazima mtu ashuke aifuate.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe mbebaji akuonyeshe usawa anaoishia kujaza, weka alama ya mkaa, kisha mimina maji kwa chupa ya lita moja hadi hapo ukihesabu. Fanya hivyo kabla ya kupatana bei. Ukilipa kwa ndoo bila alama, usawa utashuka wenyewe jua likipanda, na mimi simlaumu mtu.

Sehemu ya tambarare, toroli hurahisisha mambo. Lipime kwa ndoo hiyohiyo: likimeza ndoo tatu zilizojaa, ni lita 60, hivyo mita ya ujazo ni tripu 17. Ila hapo unasukuma karibu kilo 100, bila kuhesabu chuma chenyewe, ndiyo maana toroli huishia barabarani pale ngazi zinapoanzia.

Kuna jambo jingine huwachanganya watu. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba: maji huzitenga punje, na ujazo unaweza kuongezeka hata robo. Ukiulowesha kabisa, unashuka tena. Jaribu kwenye kopo: jaza mchanga wenye unyevu hadi sentimita 20, ushushie maji ya kutosha huku ukikoroga, uache utulie. Ukishuka hadi 16, ule uliovimba ulikuwa na mchanga halisi wa ndoo 40 tu katika zile 50 ulizolipia. Vijana watakuwa wamebeba ndoo zao 63 kama kawaida, lakini fundi atakapochanganya zege ndipo utamsikia akisema mchanga umepungua.