Jibu limepatikana, mbona hatua zimekosolewa?

Tuchukue orodha hii iliyopangwa, nafasi zake zikianzia 0 hadi 10, na tutafute 63 kwa utafutaji wa binari, yaani kukagua namba ya katikati na kutupa nusu isiyoweza kuwa na jibu, tukiandika kila hatua kwenye mstari wake wa jedwali.

```
4 9 13 18 22 27 35 41 56 63 78
```

Hatua ya kwanza karibu kila mwanafunzi huipata: katikati ya 0 na 10 ni nafasi ya 5, yenye 27. Kwa kuwa 27 ni ndogo kuliko 63, tunabaki na nafasi ya 6 hadi ya 10. Makosa huanzia hapo.

Dhana potofu: "Nusu ya sehemu iliyobaki ndiyo katikati." Mwanafunzi anatoa 6 kwenye 10, anagawa kwa 2, anaandika nafasi ya 2. Lakini nafasi ya 2 ina 13, namba tuliyokwisha kuitupa!

Ukweli ni kwamba hiyo 2 ni umbali wa kutoka mwanzo wa sehemu iliyobaki, siyo nafasi ndani ya orodha. Ukihesabu hatua mbili kutoka 6 unafika 8. Tukiita nafasi ya kwanza ya sehemu iliyobaki `low`, ya mwisho `high` na ya katikati `mid`, huku `//` ikiwa ni kugawa na kuacha desimali, kanuni zote mbili hizi hutoa 8:

```
mid = (low + high) // 2
mid = low + (high - low) // 2
```

Kosa hili hujificha vizuri, na ndiyo maana sipendi mazoezi yanayotafuta namba za upande wa kushoto tu. Ukitafuta 4, `low` inabaki 0 muda wote, kwa hiyo hata aliyesahau kuijumlisha anapata 5, 2, 0 bila kasoro. Anaondoka akiamini ameelewa. Kwa hiyo kila ukiandika `mid`, angalia kama iko kati ya `low` na `high` za mstari huohuo. Ikiwa nje, umekosea.

Tukiendelea na 63: nafasi ya 8 ina 56, bado ndogo, tunabaki na 9 hadi 10. Jumla ni 19, nusu yake 9.5, tunachukua 9. Hapo ipo 63. Mfuatano sahihi wa katikati ni 5, 8, 9.

Dhana potofu: "Nikilipata jibu, hatua zangu ni sahihi." Kuna anayeweka `low = mid` badala ya `low = mid + 1`. Anaibakiza nafasi ya 5 ambayo amekwisha kuikagua, kisha anapata 5, 7, 8, 9. Amefika kwenye 63, ila kwa sehemu zisizo sahihi, na msahihishaji hukosoa mstari wa pili.

Mpe huyohuyo atafute 78. Atafika 9 hadi 10, katikati 9, aweke `low` kuwa 9, apate tena 9 hadi 10. Jedwali lake halitaisha kamwe.