Pasipoti mpya, viza ya zamani: namna viza inavyohamia na anachokagua afisa mpakani

Msafiri anapofika kwenye dawati la uhamiaji akiwa na pasipoti mpya ambayo haijagongwa muhuri hata mmoja, pamoja na ya zamani iliyokatwa kona, mara nyingi huwa anauliza swali lile lile: viza yangu bado ina miaka mitatu, je, niibandue huku niibandike kule? Jibu ni hapana, na asijaribu hata kuinua ukingo wake kwa ukucha. Stika ya viza imetengenezwa ili ichanike inapobanduliwa, na stika iliyochanika huhesabiwa kuwa imechezewa. Marekani imelieleza hilo wazi kwa wenye viza zake: anayeitoa viza kwenye pasipoti ya zamani na kuibandika kwenye mpya ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Ili kuelewa sababu yake, ni vizuri kujua kwamba karatasi ile ni kielelezo tu. Viza yenyewe ni kumbukumbu iliyo katika mfumo wa nchi iliyoitoa, na kumbukumbu hiyo imefungwa kwa mtu fulani mwenye pasipoti ya namba fulani. Pasipoti ikibadilishwa, mtu hubaki yule yule lakini namba hubadilika, na kazi yote ya kuhamisha viza au kibali cha ukaazi ni kuunganisha namba hizo mbili kwa namna ambayo afisa ataiona na kuiamini. Nchi hufanya hivyo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha stika ilipo na kumtaka msafiri abebe pasipoti zote mbili. Ya pili ni kufuta kibali kilichomo katika pasipoti ya zamani na kuchapisha kingine katika mpya. Ya tatu ni kurekebisha namba ndani ya mfumo wa kielektroniki, pasipo karatasi yoyote kuguswa.

Njia ya kwanza ndiyo yenye makosa mengi, kwa sababu inaonekana rahisi. Tuchukue mfano wa msafiri mwenye viza ya Marekani ya matembezi, ya kuingia mara nyingi, inayoisha tarehe 20 Agosti 2028. Pasipoti iliyobeba viza hiyo inaisha tarehe 9 Mei 2025, naye anapata mpya tarehe 3 Februari 2025 na kupanga safari ya mwezi Juni. Utaratibu unamruhusu kusafiri na pasipoti zote mbili mradi viza haijaharibika, inalingana na kusudi la safari yake, na pasipoti zote mbili ni za nchi moja na za aina moja. Mwenye viza katika pasipoti ya kidiplomasia ambaye sasa ameshika ya kawaida hayumo katika ruhusa hiyo, wala hayumo aliyebadilisha uraia baada ya kupewa viza.

Hatari ya kwanza hujitokeza nyumbani, siku ya kwenda kuomba pasipoti mpya. Ofisi nyingi za pasipoti hubatilisha ile ya zamani kwa kuikata kona au kuitoboa matundu, na mashine ya kutoboa haichagui ukurasa. Tundu likipita katikati ya picha ya viza, au katika ile mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya stika, viza imeharibika, ingawa tarehe yake haijafika. Kwa hiyo mwombaji anapaswa kusema mapema, wakati anakabidhi pasipoti na si wakati anaichukua, kwamba ndani mna viza ambayo muda wake haujaisha, aonyeshe ukurasa wenyewe, na aombe mambo mawili: pasipoti arudishiwe, na ubatilishaji ufanyike pasipo kuugusa ukurasa huo. Niliwahi kupokea kitabu kilichotobolewa kwa uangalifu mkubwa kwenye jalada, lakini tundu lilikuwa limezama hadi kwenye namba ya viza. Mwenye nacho hakuwa na kosa lolote, na bado ilimbidi aombe viza upya.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi, nayo hutokana na neno moja linaloandikwa kwenye fomu. Kuna wanaoandika kwamba pasipoti ya zamani imepotea, wakati kwa kweli iko kabatini, kwa kuwa hawakuiona haraka au walidhani hivyo ndivyo watakavyohudumiwa upesi. Taarifa hiyo haibaki kwenye faili. Interpol ina hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, inayotumika tangu mwaka 2002, na nchi wanachama hupeleka humo namba za pasipoti za aina hiyo. Pasipoti ikionekana baadaye na msafiri akaileta mpakani kwa sababu ina viza, mashine itaisoma kama hati iliyopotea. Afisa atalazimika kuizuia, na mwenye nayo atapelekwa chumba cha mahojiano ya ziada. Viza nayo hufuata mkondo huo huo, kwani viza ya Marekani ikisharipotiwa kuwa imepotea pamoja na pasipoti, haifufuki hata kitabu kikipatikana. Pasipoti iliyopotea kweli haina cha kuhamishwa, na njia iliyobaki ni kutoa taarifa kwa ubalozi uliotoa viza na kuomba nyingine.

Msafiri wetu amevuka hatari zote mbili, na sasa yuko uwanja wa ndege. Mkaguzi wake wa kwanza si afisa uhamiaji bali mfanyakazi wa shirika la ndege, naye ana sababu ya kuwa mkali, maana shirika linalombeba abiria asiye na hati sahihi hutozwa faini na hulazimika kumrudisha. Anachokiona kwanza ni pasipoti mpya tupu. Iwapo abiria alijaza taarifa zake mtandaoni kwa namba ya pasipoti ya zamani, skrini itakataa au itaonyesha hati iliyokwisha muda, na foleni nzima itasubiri. Kanuni ya kujaza ni kwamba namba ya pasipoti, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha ni za kitabu kipya, na namba ya viza, ikihitajika, ni ile iliyo kwenye stika ndani ya kitabu cha zamani. Kwenye viza ya Marekani namba hiyo imechapwa kwa wino mwekundu, chini upande wa kulia. Wengi hukosea wakaandika ile ndefu ya juu, ambayo ni namba ya udhibiti na haina kazi hapa.

Mpakani, afisa huanza na pasipoti mpya kwa sababu ndiyo hati iliyo halali. Huisoma kwenye mashine, hufungua taarifa za chipu, na kulinganisha picha na sura iliyo mbele yake. Kisha hufungua ya zamani, na hapo ndipo uunganishaji unapofanyika. Anataka kuona kwamba jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa na uraia vinafanana katika vitabu vyote viwili. Anatazama stika kwa jicho na kwa kidole: kingo zimelala, picha haijapandishwa juu ya nyingine, matundu hayakupita juu yake. Viza nyingi hubeba namba ya pasipoti ya zamani ndani ya mistari ile ya chini, kwa hiyo tofauti ya namba haimshtui. Kinachomshtua ni namba iliyo kwenye viza kutolingana na kitabu inamokaa. Mwisho hupima alama za vidole dhidi ya zile zilizochukuliwa viza ilipoombwa, na hapo mwenye pasipoti mbili hutambulika kuwa mtu mmoja kwa njia isiyotegemea karatasi.

Jina ndilo linalochelewesha watu wengi kuliko yote hayo. Aliyeolewa kati ya pasipoti moja na nyingine akachukua jina la mume, au aliyesahihisha herufi moja iliyokosewa, anakuja na vitabu viwili vinavyosema majina mawili. Abebe cheti cha ndoa au hati ya kiapo ya kubadili jina, katika nakala halisi, na tiketi iandikwe jina la pasipoti mpya. Kwa mabadiliko makubwa ya jina, ushauri wangu ni kuuliza ubalozi kabla ya kununua tiketi, maana nchi hazifanani katika jambo hili.

Kibali cha ukaazi kilichogongwa au kubandikwa ndani ya pasipoti huhitaji njia ya pili panapokuwa na utaratibu huo. Mwenye kibali hupeleka uhamiaji vitabu vyote viwili, nakala za ukurasa wa taarifa binafsi na wa kibali, na ombi la kuhamisha. Afisa huthibitisha kibali katika mfumo, hugonga muhuri wa kufuta kwenye kile cha zamani, na kuchapisha kingine. Kabla ya kuondoka dirishani, isomwe tarehe ya kuisha: inapaswa kuwa ile ile ya mwanzo, kwa sababu kuhamisha si kuongeza muda. Jambo hili huwaumiza hasa wale ambao kibali chao kilifupishwa kwa kuwa pasipoti ilikuwa karibu kuisha. Hudhani pasipoti mpya itawarudishia miezi iliyokatwa, kumbe miezi hiyo huombwa kwa ombi jingine la kuongezewa muda, tena kabla kibali hakijaisha.

Njia ya tatu haina kitabu cha kuonyesha, na kwa sababu hiyo husahaulika. Uingereza imehamishia hadhi ya wakaazi kwenye viza za kielektroniki, na mwenye nayo anatakiwa kuingiza pasipoti mpya katika akaunti yake ya UKVI, yaani idara ya viza na uhamiaji ya nchi hiyo, kabla ya kusafiri; asipofanya hivyo, shirika la ndege litatafuta namba mpya na halitaona ruhusa yoyote. Wenye viza za Australia nao huwasilisha mabadiliko hayo kwa mamlaka za nchi hiyo, na wengi hufanya hivyo kupitia akaunti ya mtandaoni iitwayo ImmiAccount. Idhini fupi za safari kama ESTA ya Marekani ziko tofauti kabisa: hizo hazihamishwi, na pasipoti mpya maana yake ni ombi jipya.

Turudi kwa msafiri wetu, ambaye sasa amekubaliwa. Panapogongwa muhuri wa kuingia Marekani, hugongwa kwenye pasipoti mpya, na afisa huandika kando yake VIOPP, herufi zinazomaanisha kwamba viza imo katika pasipoti nyingine. Kumbukumbu ya kuingia, yaani I-94, hufunguliwa kwenye tovuti ya mamlaka ya forodha na mipaka, naye aitazame siku hiyo hiyo kwa namba ya kitabu kipya. Ikiwa haionekani, ajaribu kwa namba ya zamani. Ikijitokeza huko, afisa aliisoma hati isiyo sahihi, na ombi la kusahihisha hupelekwa kwenye ofisi ya mamlaka hiyo inayoshughulikia marekebisho, kabla hajaondoka nchini. Kitabu cha zamani akiweke pamoja na kipya hadi tarehe 20 Agosti 2028.