Fomu fupi inakupa namba, haikupi mwanafunzi

Nimechoka kuambiwa kwamba fomu bora ya tangazo la Facebook la kutafuta wanafunzi ni ile fupi: jina, namba ya simu, basi. Sehemu hizo mbili hujazwa na akaunti yenyewe. Mtu anagusa kitufe mara mbili tatu na amemaliza, hajaandika hata herufi moja. Ukimpigia kesho yake anauliza, "Shule gani?" Au hapatikani kabisa, kwa sababu namba iliyojazwa ni ya laini aliyokuwa nayo alipofungua akaunti.

Tuchukue darasa la Kifaransa hapa Mwanga, Kigoma, kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kalemie. Kwenye aina ya fomu chagua `Higher intent`, si `More volume`. Inaongeza ukurasa ambapo mtu anapitia alichojaza kabla ya kutuma, na hapo ndipo namba ya zamani hurekebishwa.

Kisha weka swali moja la kuchagua. Si "Ungependa kujifunza Kifaransa?" Nani asiyependa? Uliza saa: "Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Unaweza kuja saa ngapi?" Majibu: saa 12 asubuhi, saa 11 jioni, saa 1 usiku, siku hizo siwezi.

Jibu la nne ndilo wenye shule huomba lifutwe, eti linafukuza wateja. Liacheni! Lisipokuwepo, asiyeweza atagusa lolote ili apite, nawe utamaliza vocha ukimpigia mtu ambaye jioni yuko dukani mpaka saa 3. Likiwepo, unajua pia ni wangapi wangekuja kama kungekuwa na darasa la Jumamosi.

Penye namba andika: "Tutakupigia kati ya saa 10 na saa 12 jioni kukupangia siku ya kuanza. Weka laini iliyo hewani muda huo." Watu wengi wana laini mbili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu ajue namba yake inachukuliwa kwa kazi gani.

Ada iandikwe kwenye utangulizi wa fomu. Kuiweka kwenye tangazo lenyewe bado nasita: hupunguza wanaouliza bure, lakini pia humkimbiza ambaye angelipa kwa awamu.

Tangazo ambalo mtu akiligusa linafungua mazungumzo badala ya fomu ni jambo jingine. Kwenye WhatsApp kwa kawaida namba unaiona mtu akishatuma ujumbe, kwa hiyo "tutumie namba yako" inamfanya ahisi hujasoma alichoandika. Kwenye Messenger huioni, huko lazima uombe. Ujumbe unaomwandalia mtu ili autume usiwe "Naomba maelezo", kwa kuwa utalazimika kumuuliza maelezo ya nini, na wengi huishia hapo. Andika: "Habari, nataka Kifaransa cha saa 11 jioni. Darasa linaanza lini?" Jibu lako la kwanza linakuwa tarehe, ada, na "Nikupigie leo saa ngapi?"