Ungekuja au mngekuja?

Neno la Kiingereza "you" halisemi anaambiwa mtu mmoja au watu kumi. Kwa Kiswahili huwezi kuliacha hivyo. Kitenzi hakianzi mpaka uchague u- au m-, na jibu mara nyingi halimo kwenye maandishi unayotafsiri.

Chukua manukuu ya filamu. Mama mzee ameketi mbele ya daktari kijana, na mwanawe amesimama nyuma ya kiti. Daktari analalamika kwamba wamechelewa kuja. Nikiandika "Ungekuja mapema", lawama yote inamwangukia mama. "Mngekuja mapema" inawagawia wote wawili. Muswada hausemi lolote, lakini kwenye picha daktari anainua macho kumtazama kijana aliye nyuma ya kiti. Ndiyo maana sikubali kutafsiri manukuu bila video.

Sentensi ya pili ni ya dawa, na hapa ndipo heshima inapoingia. "Meza vidonge viwili" ni sahihi kisarufi, ila kwa mtu wa umri huo inasikika kama amri kwa mtoto. Kiswahili sanifu hakina kiwakilishi maalumu cha heshima, heshima hukaa kwenye jina la kumwitia mtu na kwenye umbo la kitenzi: "Mama, umeze vidonge viwili asubuhi na jioni." Waliozoea Kifaransa, au lugha nyingine zinazomheshimu mtu kwa kumtaja kwa wingi, huandika "Mama, mmeze". Mtazamaji ataelewa kwamba na kijana naye anywe dawa! Njia nyingine ya adabu ni nafsi ya tatu, huku unamwambia mwenyewe: "Mama ameshakula?" Ni nzuri sana, lakini chumbani akiwamo mtu wa tatu inaweza kusomeka kama swali analoulizwa kijana. Katika onyesho hili ningeiacha.

Kisha daktari anasema majibu yapo kwa wataalamu wa maabara, na kwamba atapiga simu kesho. Mfasiri ameshaamua ni wingi, anaandika "Nitawapigia simu kesho." Atampigia nani? Kiambishi -wa- ni cha "nyinyi" na pia cha "wao", na wataalamu wametajwa sasa hivi tu. "Nitawapigieni simu" inaondoa utata, kwa kuwa ile -ni ya mwisho inawaelekea wanaosikiliza. Kama simu ni ya kijana peke yake, "nitakupigia" inatosha, mradi daktari anamtazama yeye.

Katika sentensi zote tatu "wewe" haihitajiki. Nafsi imo tayari ndani ya kitenzi, na ukiiongeza, "Wewe ungekuja mapema", daktari anakuwa mgomvi.

Nikihariri kazi ya mtu, nasoma maneno ya msemaji mmoja mfululizo nikifuata -ako na -enu. "Dawa zako" ikifuatwa na "afya yenu" bila yeyote kuingia chumbani, narudi kwenye picha.